Joto hutoka jengoni pamoja na askari

Wengi huamini kwamba askari wa zimamoto akishatoka kwenye moshi na kuvua kofia, joto limemwacha. Imani hii ndiyo yenye madhara makubwa kuliko zote, kwa kuwa joto linalomchosha halitoki kwenye moto peke yake: sehemu kubwa hutengenezwa na misuli yake mwenyewe anapovuta mpira wa maji na kupanda ngazi akiwa amebeba zaidi ya kilo 20 za mavazi na vifaa. Koti linalozuia joto la moto lisiingie ndilo hilohilo linalozuia joto la mwili lisitoke, na jasho huloanisha nguo za ndani bila kukauka, ilhali kinachopoza ngozi ni kukauka kwa jasho. Kwa sababu hiyo joto la ndani ya mwili huweza kuendelea kupanda kwa dakika kadhaa baada ya askari kuketi. Kufungua vifungo vya koti hakutoshi. Koti, glavu na kitambaa cha kichwani vivuliwe, na suruali ishushwe hadi kwenye buti, mara tu anapofika kivulini, penye hewa isiyo na moshi.

Dhana ya pili husema kwamba asiye na kiu hahitaji maji. Tuchukue mfano wa moto wa ghala jijini Dar es Salaam mwezi Februari, wakati hewa ina unyevunyevu mwingi. Askari alipimwa akiwa na kilo 72 kabla ya kazi, na baada ya kumaliza mitungi miwili ya hewa, akiwa na nguo zilezile nyepesi na kavu, ana kilo 70.6, ingawa katikati alikunywa nusu lita. Kilo moja iliyopungua ni takriban lita moja ya maji, kwa hiyo ametoa jasho la karibu lita 1.9 na bado anadaiwa lita 1.4, yaani karibu asilimia 2 ya uzito wake. Katika kiwango hicho nguvu na umakini huanza kushuka, na kiu huenda bado ni ndogo.

Hata hivyo, deni hilo halilipwi kwa kugugumia chupa moja baada ya nyingine. Kikombe cha robo lita kila baada ya dakika 15 hadi 20 kinatosha wakati wa kazi, na jumla isizidi takriban lita 1.4 kwa saa, kwa kuwa maji matupu yakizidi huzimua chumvi ya damu na kuleta kichefuchefu, maumivu ya kichwa na kuchanganyikiwa, dalili ambazo ni rahisi kuzidhania kuwa za joto, kisha mgonjwa akaongezewa maji mengine. Operesheni ikivuka saa kadhaa, chakula chenye chumvi au maji ya ORS yawepo. Vinywaji vya kuongeza nguvu visiletwe kabisa, kwa sababu kafeini huusukuma moyo ambao tayari unakwenda mbio.

Kuhusu muda, dakika tano za kukaa kwenye ngazi ya gari si mapumziko. Utaratibu unaofuatwa Marekani humtaka askari aliyemaliza mitungi miwili ya dakika 30 apumzike angalau dakika 20. Penye unyevunyevu kama wa pwani, feni husaidia kidogo. Kinachosaidia zaidi ni kutumbukiza mikono hadi viwiko kwenye ndoo ya maji baridi, kwa kuwa damu nyingi hupita karibu na ngozi ya viganja na mikono na kurudi mwilini ikiwa imepoa. Baada ya dakika hizo 20 mapigo ya moyo yahesabiwe, na yakiwa bado juu ya 100 kwa dakika, askari harudi ndani, hata kama anasisitiza, "Nipo sawa, afande."

Jibu hilo lisichukuliwe kuwa kipimo. Mtu aliyechoka kupita kiasi mara nyingi ndiye wa mwisho kujua, na mwenzake huona mapema: anashindwa kufunga kifungo alichozoea, anarudia swali lililokwisha kujibiwa, anapepesuka, ananyamaza au anakuwa mkali pasipo sababu.

Wapo pia wanaofikiri kwamba anayetoka jasho hawezi kuwa na kiharusi cha joto, au kwamba kipima joto cha kwenye paji la uso kikionyesha 37.5 hakuna hatari. Kiharusi cha joto kinachotokana na kazi nzito humpata mtu aliyelowa jasho chapachapa, na ngozi huweza kusoma chini ilhali ndani joto limepita nyuzi 40. Akili ikivurugika, gari la wagonjwa liitwe papo hapo, lakini kupoza kusilisubiri: avuliwe nguo, azamishwe hadi shingoni kwenye maji ya barafu huku akishikiliwa kichwa, au amwagiwe maji mfululizo kwa mpira wa gari la zimamoto lililo karibu, na safari ya hospitali ianze baada ya joto la ndani kushuka hadi karibu nyuzi 39.