Sifuri hazijapotea kwenye CSV, zimetupwa ulipofungua faili

Leo tena. Mtu kapiga simu kwa ukali kabisa, "mfumo wenu unatoa namba za simu bila sifuri", na picha ya skrini katuma, kolamu nzima haina sifuri mbele. Kazi yangu ni kuhamisha data kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine na hii lawama nimeshaipokea mara nyingi mno. Nikamwambia achukue faili lilelile tulilomtumia kwenye barua pepe, asilibofye mara mbili, alifungue kwa Notepad. Akakaa kimya kidogo, halafu, "huku zipo."

Zipo, kwa sababu hazijawahi kutoka.

CSV ni maandishi matupu na mikato, basi. Hamna sehemu yoyote ndani yake inayosema kolamu hii ni namba, ile ni tarehe, hii iache ilivyo. Kwa hiyo Excel ikilifungua inabidi ikisie yenyewe, seli kwa seli, na kanuni yake ni kwamba kitu kikiwa tarakimu tupu basi ni namba. Na kwenye hesabu 0123456789 na 123456789 ni thamani ileile, sifuri ya mbele haina kazi, inatupwa. Hata ukiweka alama ya kujumlisha mbele, ile ya msimbo wa nchi, nayo inaondoka. Shida ni kwamba namba ya simu tunaiita namba lakini sio namba, ni jina lililoandikwa kwa tarakimu, hakuna mtu anayejumlisha simu mbili.

Sasa hapa ndo panaponichosha. Kila nikieleza hivyo anatokea mtu wa mfumo, tena anayejua kazi, anasema "si uweke alama za kunukuu, iwe "0123456789", Excel itajua ni maandishi." Haitajua. Alama za kunukuu kwenye CSV zina kazi moja tu, kulinda mkato au mstari mpya ulio ndani ya thamani usionekane kama mpaka wa kolamu. Hata RFC 4180 ya mwaka 2005, ambayo ndo karibu kila mtu anairejea kuhusu CSV, haizungumzii aina ya data popote. Excel inazivua zile alama kwanza, halafu ndo inakisia, na kilichobaki mkononi ni tarakimu tupu. Tumerudi palepale.

La pili ni "nimebadilisha kolamu iwe Text lakini sifuri hazirudi." Haziwezi kurudi! Ulipobadilisha fomati, ndani ya seli tayari kuna 123456789, sifuri ilitupwa kabla hujaiona hiyo kolamu. Fomati inaamua kitu kionekaneje kuanzia sasa, hairudi kwenye faili kwenda kusoma upya.

Kupoteza sifuri inauma lakini mara nyingi inatibika. Kinachoniogopesha ni namba ndefu. Tuchukue faili dogo hili, simu na namba ya risiti yenye tarakimu 12:

```
jina,simu,risiti
A,0123456789,123456789012
B,0123456780,123456712345
```

Ukilibofya mara mbili, kwenye kolamu ya risiti utaona 1.23457E+11 kwa A na 1.23457E+11 kwa B. Fomati ya kawaida ya Excel, General, inaonyesha namba nzima mpaka tarakimu 11, zikifika 12 inageuza iwe ya kisayansi, hata uvute kolamu iwe pana vipi. Hapo bado hujapoteza risiti zako, thamani kamili iko ndani ya seli, ukiweka fomati ya Number bila desimali unaiona yote. Lakini watu wengi hawafanyi hivyo, wanarekebisha jina moja lililokosewa, wanabonyeza kusevu, faili linabaki CSV. Na Excel ikisevu CSV inaandika kile kinachoonekana kwenye skrini, sio kilichomo ndani ya seli. Fungua sasa kwa Notepad:

```
jina,simu,risiti
A,123456789,1.23457E+11
B,123456780,1.23457E+11
```

Hizo tarakimu hazipo tena popote kwenye hilo faili. Ukilifungua upya, A na B wote wana risiti 123457000000. Watu wawili, risiti moja, na hakuna fomula duniani itakayokwambia ya nani ilikuwa ipi. Ukiona risiti nyingi zinaishia na sifuri sita, au mfumo unaopokea unalalamika kuhusu namba zinazojirudia, jua mtu alisevu katikati ya safari.

Na zikifika tarakimu 16 huhitaji hata kusevu. Excel inatunza tarakimu 15 za maana tu, kwa hiyo 1234567890123456 ikiingia inakuwa 1234567890123450 ndani ya seli yenyewe. Ile ya mwisho imekufa palepale.

Dawa. Fungua Excel tupu, nenda Data, kisha From Text/CSV, chagua faili, na pale kwenye Data Type Detection weka "Do not detect data types" kabla ya kupakia. Ukipitia Transform Data angalia orodha ya Applied Steps kulia, ukikuta "Changed Type" ifute, maana hiyo hatua inajiongeza yenyewe, kwa mfano ukiinua mstari wa kwanza uwe vichwa, na inakula sifuri zako upya. LibreOffice inakuuliza kabla ya kufungua, bofya kolamu husika uipe aina ya Text. Google Sheets, wakati wa kuingiza, toa tiki kwenye "Convert text to numbers, dates, and formulas". Kwenye Microsoft 365 unaweza pia kuzima huu ubadilishaji, File, Options, Data, ila hiyo inalinda kompyuta yako tu, unayemtumia faili bado yuko hatarini.

Kama sifuri zimeshaondoka na una uhakika simu zote zilikuwa na tarakimu 10:

```
=TEXT(B2,"0000000000")
```

Zikiwa za urefu tofauti usiitumie, utawabandika sifuri watu ambao hawakuwa nayo. Na ukishamaliza ukasevu CSV, usiikague kwa kuibofya mara mbili, itakudanganya tena, kagua kwa Notepad.

Kuna jambo moja sijatulia nalo. Sisi tunaotoa mafaili tunaweza kuandika ="0123456789" ndani ya CSV na Excel itaheshimu sifuri. Nimeshafanya hivyo kwa watu waliokuwa wanasoma tu kwa macho, wakafurahi. Halafu faili lilelile likapelekwa kwenye mfumo wa kutuma meseji, ukasoma alama ya usawa na za kunukuu kama sehemu ya namba, zikakataliwa zote. Siku hizi nikijua mpokeaji ni mtu natuma xlsx, kolamu zimeshawekwa Text, nikijua ni mfumo natuma CSV safi. Lakini mara nyingi mtu analipokea kwanza ndo analipeleka kwenye mfumo, na hapo bado nabahatisha.

Huyu wa leo alikuwa ameshasevu juu ya faili la awali kwenye folda yake. Ile ya kwenye barua pepe ilikuwa nzima, akaipakua upya, tukaiingiza pamoja kwa From Text/CSV, akahesabu tarakimu za mstari wa kwanza kwa sauti, kumi.