Maelezo ya usalama ya siku ya kwanza ghalani: maana yake na kinachotakiwa kusemwa

Asubuhi ya kwanza ya msimu wa ununuzi wa mahindi katika nyanda za juu kusini, Songea au Makambako kwa mfano, malori yanakuwa yameshajipanga getini kabla jua halijapasha. Vibarua wamesimama uani wamejikunyata, kwa kuwa Julai huko ni baridi. Wengi hawajawahi kuingia ghala kubwa. Meneja anatoka ofisini na kusema nao kwa robo saa au nusu saa kabla gunia la kwanza halijaguswa. Mazungumzo hayo ndiyo yanayoitwa maelezo ya usalama ya siku ya kwanza.

Tusiyachanganye na hotuba ya kukaribisha wageni. Hotuba humwambia kibarua awe mwangalifu. Maelezo ya usalama humwonyesha kitu gani hasa ndani ya ghala hili kinaweza kumuua, kinaonekanaje kabla hakijaua, na afanye nini akikiona. Nchini Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi wake taarifa na mafunzo kuhusu hatari za kazi wanayoifanya. Sababu ya kuyatoa siku ya kwanza, yasingoje wiki ya pili, inajulikana: utafiti uliofanyika Ontario, Kanada, ulionyesha kwamba mfanyakazi aliye katika mwezi wake wa kwanza kazini ana hatari ya kuumia zaidi ya mara tatu ya yule aliyekaa zaidi ya mwaka mmoja. Na kibarua wa msimu, mwezi wa kwanza mara nyingi ndiyo ajira yake yote.

Nimefanya kazi ya kutunza ghala, na kwa maoni yangu meneja anayetaja hatari ishirini hajataja hata moja. Ghala la mahindi lina mbili zinazostahili muda wote ule: rundo la magunia na dawa ya wadudu.

Tuanze na rundo. Siku hizi mahindi hufungwa kwenye mifuko ya plastiki iliyofumwa, ya kilo 50. Mifuko hiyo inateleza kuliko gunia la katani la zamani. Kwa hiyo hupangwa juu ya chaga kama fundi anavyopanga matofali: kila tabaka linavuka la chini yake ili viungo visikutane. Ukilaza mfuko wenye unene wa sentimita 20 hivi, tabaka la ishirini liko mita nne juu. Mfuko ukiporomoka kutoka hapo unafika chini kwa mwendo wa karibu kilomita 32 kwa saa, na kwa kawaida hauji peke yake.

Rundo huanguka vipi? Kijana mgeni anatumwa kupakia lori. Mbele yake kuna ukuta wa mifuko. Iliyo juu inataka apande, ila iliyo usawa wa bega anaivuta tu ikamlalia mgongoni. Anavuta mmoja, wa pili, wa tatu. Sasa ametoboa pango, na matabaka ya juu yananing'inia yakishikiliwa na msuguano peke yake. Kanuni ni kushusha kuanzia juu, kwa ngazi, tabaka baada ya tabaka, na asiwepo mtu anayesimama chini ya upande unaoshushwa.

Meneja mzuri haishii kuisema kanuni hiyo. Anawapeleka hadi kwenye rundo lenyewe, anamwita kuli mzoefu, anamwambia, "Mzee, waonyeshe vijana ishara." Mzee anaonyesha sehemu ya ukuta iliyofura tumbo kwa nje. Kisha anachuchumaa, anagusa punje zinazochuruzika polepole kutoka tabaka la chini. Mfuko wa chini umetoboka, labda na panya, unapungua kidogo kidogo, na rundo zima linainamia upande huo. Kibarua akiona punje zinatiririka, asizifagie. Aondoke hapo na kumwita msimamizi. Kwangu hiyo ndiyo sentensi moja yenye thamani kubwa kuliko zote za asubuhi ile, maana mgeni yeyote, akiona mahindi yamemwagika sakafuni, kitu cha kwanza atakachotafuta ni ufagio.

Hapo ndipo huja swali ambalo meneja wengi hulikwepa. Kijana mmoja atauliza, "Bosi, sisi tunalipwa kwa mfuko. Nikianza kupanda juu kila mara, jioni nitakuwa na shilingi ngapi?" Swali ni la haki. Malipo ya kwa mfuko humsukuma mtu kuvuta ulio karibu, na maneno matupu hayashindani na hela. Jibu linalofaa ni la utaratibu: watu wawili wakae juu wakishusha, wengine wapokee pembeni, na hesabu iwe ya kundi zima ili aliye juu asipoteze. Meneja ambaye hana jibu la swali hilo hajamaliza maelezo yake.

Hatari ya pili haionekani kabisa. Kuua fukusi na dumuzi, rundo hufunikwa turubai na kuwekewa vidonge vya fosfidi ya alumini. Vidonge hivyo vikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi ya fosfini, na gesi hiyo haichagui kati ya mdudu na mtu. Kazi huchukua siku kadhaa, na kwenye baridi ya Julai huchelewa zaidi kwa sababu vidonge huyeyuka polepole. Wengi watakuambia fosfini inanuka kama kitunguu saumu au samaki aliyeoza. Ni kweli mara nyingi, lakini harufu hiyo hutokana na uchafu uliochanganyika na gesi, na inaweza kupotea huku gesi ingali ipo. Pua si kipimo. Turubai hufunuliwa na mtu aliyefunzwa, na ghala hufunguliwa likapigwa hewa na kupimwa kwa kifaa kabla kibarua hajaingia.

Kwa vibarua hayo yote hugeuka maagizo machache ya wazi. Usinyanyue pindo la turubai hata kama mpira umeingia chini yake. Usimwagie maji vidonge au unga wake wa kijivu, kwa kuwa vinaweza kuwaka moto. Usitie hata kidonge kimoja mfukoni upeleke nyumbani ukahifadhie mahindi yako, kwa maana chumba unacholala na watoto hakipitishi hewa kama ghala. Na usilale nyuma ya rundo wakati wa chakula cha mchana. Agizo hili la mwisho huwashangaza wageni, ila kila aliyekaa ghalani anajua kwamba saa saba mchana ndipo penye kivuli na utulivu, na ndipo msimamizi asipochungulia. Mwenye kuumwa kichwa ghafla, kichefuchefu au kubanwa kifua atoke nje na kusema papo hapo, hata kama anadhani ni njaa tu.

Mwishoni meneja asiulize "Mmeelewa?", kwa sababu atajibiwa "Ndiyo bosi" na watu wote. Amchukue kijana mmoja amwambie aonyeshe mfuko gani atauchukua kwanza na atasimama wapi. Akikosea, wenzake watamsahihisha, na hapo meneja atajua nani ameelewa. Majina yaandikwe daftarini siku hiyohiyo, kwani aliyeumia bila jina lake kuwemo hupata tabu kuthibitisha kwamba alikuwa kazini.

Kisha yaje maelezo ya Alhamisi. Katika msimu, vibarua wa Jumatatu si wa Alhamisi: mmoja ameitwa shambani, mwingine kamleta mdogo wake badala yake. Huyo mdogo hakuwepo mzee alipochuchumaa kuonyesha punje. Kabla hajabeba mfuko wa kwanza, arudishwe kwenye rundo lilelile aonyeshwe upya, hata kama lori linapiga honi getini.