Barafu Inayobaki kwenye Jagi: Dhana Potofu na Ukweli

Jioni huwa nakaa na vijana wa mwaka wa tano na wa sita hapa Kampala tukifanya maswali ya fizikia. Mtihani wao huandikwa kwa Kiingereza, lakini mezani tunaongea Kiswahili, na nimeona kwamba mtu akilazimika kueleza hesabu kwa maneno yake, kosa hujitokeza mapema. Swali linaloangusha wengi ni hili: jagi lina gramu 300 za maji ya nyuzi 25. Unatumbukiza gramu 150 za barafu iliyotoka friza ikiwa nyuzi 10 chini ya sifuri. Tuchukulie kwamba jagi halinyonyi joto na hewa ya nje haiingilii. Mchanganyiko utatulia kwenye halijoto gani, na barafu kiasi gani itabaki?

Majibu ninayoletewa mara nyingi ni nyuzi 18, au nyuzi 11.5 chini ya sifuri. Yote mawili si kweli, na kila moja limezaliwa na wazo lake.

Dhana: kitu cha moto na cha baridi hukutana katikati

Anayepata 18 hajakosea kuzidisha. Anajua kwamba gramu moja ya maji huhitaji juli 4.2 kupanda nyuzi moja, na gramu moja ya barafu huhitaji juli 2.1. Anasawazisha joto linalotoka kwenye maji na joto linaloingia kwenye barafu, kisha anatafuta pale yanapolingana. Hesabu yake ingekuwa safi kabisa kama barafu ingeweza kufika nyuzi 18 ikiwa bado barafu.

Ukweli: barafu ikifika sifuri husimama hapo. Joto linaendelea kuingia lakini kipimajoto hakipandi, kwa sababu joto lote linatumika kuibadilisha barafu iwe maji. Ndiyo maana linaitwa joto fiche. Kila gramu hudai juli 334 kabla haijawa maji, na maji hayo yanakuwa bado ya sifuri. Ukitaka kuona ukubwa wa deni hilo, gawanya 334 kwa 4.2: utapata karibu 80. Maana yake, joto linaloyeyusha gramu moja ya barafu lingetosha kuchukua gramu moja ya maji ya sifuri na kuyapandisha mpaka karibu nyuzi 80, moto wa kukuunguza mkono.

Joseph Black, aliyefundisha Glasgow miaka ya 1760, alilifikia jambo hili kwa kutazama theluji. Kama theluji ingehitaji joto kidogo tu ikishafika sifuri, siku ya kwanza ya jua ingeigeuza yote kuwa mafuriko. Lakini theluji huyeyuka polepole, kwa majuma. Mimi napenda hoja hiyo kuliko jaribio lolote la maabara, kwa sababu imeanzia kwenye kitu ambacho kila mtu wa kule alikuwa akikiona.

Dhana: andika mlinganyo mmoja, utatue, umemaliza

Hapa ndipo wanafunzi wazuri huanguka, na ndipo ninapotumia muda mwingi zaidi. Mwanafunzi wa aina hii anakumbuka joto fiche. Anaandika kwamba joto lililotolewa na maji yakishuka kutoka 25 hadi T ni sawa na joto la kupasha barafu mpaka sifuri, pamoja na la kuiyeyusha yote, pamoja na la kupandisha maji yake mapya mpaka T:

300 × 4.2 × (25 − T) = 150 × 2.1 × 10 + 150 × 334 + 150 × 4.2 × T

Anatatua na kupata T = −11.5. Kijana mmoja aliniambia, kwa moyo mweupe, "Mwalimu, basi maji yameganda." Nikamwambia aitazame namba hiyo tena. Barafu yenyewe ilikuwa −10, na ndiyo kitu baridi kuliko vyote kwenye jagi. Mchanganyiko unawezaje kuwa baridi kuliko kitu kilichoupoza? Alinyamaza kidogo, kisha akacheka na kufuta.

Ukweli: mlinganyo ule una dhana iliyojificha ndani yake, kwamba barafu yote imeyeyuka. Umeiandika wewe ulipoweka 150 × 334. Jibu lisilowezekana linakuambia kwamba dhana hiyo haikutimia. Halikuambii kwamba maji yaliganda. Kwa hiyo kabla ya kuandika mlinganyo wowote, fanya hesabu ya mfuko: maji yana kiasi gani cha kutoa, na barafu inadai kiasi gani.

Maji yakishuka kutoka 25 mpaka sifuri hutoa 300 × 4.2 × 25, yaani juli 31,500. Hicho ndicho kilichomo mfukoni.

Deni la kwanza la barafu ni kupanda kutoka −10 mpaka sifuri: 150 × 2.1 × 10, yaani juli 3,150. Lilipe. Mfukoni zimebaki 28,350.

Deni la pili ni kuyeyuka. Kuyeyusha yote kunadai 150 × 334, yaani juli 50,100. Hatuna. Tulichonacho kinayeyusha kiasi tu, na kiasi hicho ni 28,350 ÷ 334, karibu gramu 84.9. Zinabaki gramu 65.1 za barafu, na maji yamekuwa gramu 384.9. Vyote viwili, maji na barafu, viko kwenye sifuri. Hakuna T ya kutafuta tena, kwa kuwa tayari tunaijua.

Na lile wazo la maji kuganda? Lipime kwa mfuko uleule. Barafu ilipofika sifuri ilikuwa imenyonya juli 3,150 tu, huku maji yakiwa bado yana joto la kutoa. Ili maji ya jagi hili yaanze kuganda, barafu ingepaswa kuweza kunyonya zaidi ya 31,500 kabla ya kufika sifuri, mara kumi ya uwezo wake. Hali kama hiyo ipo, mfano ukitia maji kidogo ya nyuzi 1 au 2 juu ya bonge kubwa lililotoka friza kali, lakini inajulikana kwa kulinganisha namba hizo mbili.

Kitabu kingine kinaweza kutumia 336 badala ya 334. Barafu inayoyeyuka itakuwa gramu 84.4, tofauti ya nusu gramu. Tumia namba uliyopewa kwenye swali na usihangaike.

Dhana: ukiongeza barafu, maji yanazidi kuwa baridi

Hii si ya wanafunzi peke yao. Niliwahi kuisikia kwa mama anayeuza samaki Ggaba, kando ya ziwa, akimwambia mwanawe aongeze barafu kwenye sanduku lililokuwa tayari limejaa maji na vipande vinavyoelea, "ili ubaridi uzidi." Mama yule alijua kazi yake kuliko mimi, na barafu ilihitajika kweli. Sababu yake tu ndiyo ilikuwa nyingine.

Ukweli: maji na barafu vikishatulia pamoja, viko sifuri, iwe barafu ni kipande kimoja au nusu ya sanduku. Rudi kwenye jagi letu na utie gramu 300 za barafu badala ya 150. Deni la kwanza sasa ni 6,300, mfukoni zinabaki 25,200, na zinayeyusha gramu 75.4. Zinabaki gramu 224.6. Halijoto? Sifuri ileile. Tena kilichoyeyuka kimepungua, kwa sababu joto zaidi limetumika kupasha barafu ya friza kabla haijaanza kuyeyuka. Alichonunua mama kwa barafu ya ziada ni saa nyingi zaidi za kukaa kwenye sifuri, wakati joto la mchana linaendelea kupenya kwenye sanduku. Kwa samaki hilo ndilo kubwa.

Upande wa pili kuna mpaka unaofaa kuujua. Kila gramu ya barafu ya −10 hudai 21 za kupanda na 334 za kuyeyuka, jumla 355. Gawanya 31,500 kwa 355: ni gramu 88.7. Ukitia chini ya hapo kwenye jagi hili, barafu yote itaisha na mchanganyiko utabaki juu ya sifuri, na hapo ule mlinganyo mmoja unafaa kabisa. Kwa gramu 60, madeni yote ni 21,300, mfukoni zinabaki 10,200, nazo zinapasha gramu 360 za maji kutoka sifuri: 10,200 ÷ (360 × 4.2), takriban nyuzi 6.7.

Chumvi huvunja kanuni hii. Ukinyunyizia chumvi, barafu huyeyuka chini ya sifuri na mchanganyiko hushuka kweli, ila hiyo ni hesabu nyingine. Urefu wa mahali hauivunji. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya bahari na maji huchemka hapa kwenye nyuzi 96 hivi, kwa hiyo wengine hudhani barafu nayo ina sifuri yake ya hapa. Kuyeyuka hakujali shinikizo la hewa kiasi hicho. Badiliko halifiki hata sehemu moja ya mia ya nyuzi. Barafu ya kilele cha Rwenzori nayo huyeyuka kwenye sifuri hiihii.

Dhana: jaribio likitofautiana na hesabu, hesabu ndiyo mbaya

Ukilifanya jaribio hili mezani, kisha ukatoa barafu iliyobaki, ukaikausha haraka kwa kitambaa na kuipima, hutapata 65. Utapata pungufu. Chombo chenyewe kina joto lake: kikombe cha shaba cha gramu 100 kikishuka kutoka 25 mpaka sifuri hutoa karibu juli 975, zinazoyeyusha takriban gramu 3 nyingine. Hewa na mikono yako huongeza. Kosa baya zaidi hutokea kabla ya kuanza, barafu ikiachwa mezani mpaka ikalowa. Mizani inasoma 150, lakini kama gramu 10 ni maji yaliyoshikamana juu yake, barafu halisi ni 140, na imeshapanda mpaka sifuri. Mfuko wa 31,500 hauna tena deni la kwanza la kulipa, unayeyusha gramu 94.3, na inabaki 45.7 tu. Tofauti ya karibu gramu 20, yote kwa sababu ya barafu iliyokaa mezani dakika chache.