Ukimya na mabadiliko ya picha: jinsi kompyuta inavyojua pa kuikata rekodi ya mihadhara

Faili niliyoletewa ilikuwa moja, semina.mp4, yenye urefu wa saa 2 na dakika 41. Ndani yake mlikuwa na watoa mada watatu, mapumziko ya chai, na muda mwingi wa watu kutafuta viti. Ilirekodiwa kwenye kompyuta ya ukumbini, kwa hiyo picha ni kile kilichoonekana kwenye projekta na sauti ni ile ya maiki ya mzungumzaji. Kilichotakiwa ni mafaili matatu, kila mada peke yake, bila mtu kukaa na kuisikiliza yote kutafuta mipaka.

Kazi hiyo huifanya kompyuta kwa kufuata dalili mbili: mahali sauti iliponyamaza na mahali picha ilipobadilika ghafla. Zote mbili zinapatikana kwenye programu ya bure ya ffmpeg. Shida huanza pale mtu anapodhani kwamba kompyuta ikisema "ukimya" inamaanisha kile anachomaanisha yeye.

Kwa kompyuta, ukimya ni sauti iliyoshuka chini ya mstari fulani na kubaki chini kwa muda fulani. Mstari unauchora wewe, na muda unaupanga wewe. Mstari hupimwa kwa desibeli, ambapo 0 ndiyo sauti kubwa kabisa inayoweza kuandikwa kwenye faili, na kila ukishuka namba inazidi kuwa hasi. Usipotaja chochote, silencedetect, kichujio cha ffmpeg kinachotafuta ukimya, huchukua desibeli -60 na sekunde 2. Desibeli -60 ni sehemu moja ya elfu ya sauti kubwa kabisa. Ni ukimya wa studio. Ukumbi wenye feni za dari na dirisha wazi haufiki huko hata usiku wa manane, na ndiyo maana wengi huijaribu amri mara ya kwanza, wakaona haikutoa hata mstari mmoja, wakadhani programu ni mbovu.

Dawa ni kuupima ukumbi wako kwanza. Tafuta sekunde chache ambazo hakuna anayezungumza, kisha uliza sauti yake ikoje:

```
ffmpeg -ss 00:14:20 -t 4 -i semina.mp4 -vn -af "highpass=f=150,volumedetect" -f null -
```

Kichujio cha highpass kinaondoa sauti nzito zilizo chini ya hezi 150, ambako ndiko linakokaa vumi la feni na la umeme. Sauti ya mtu inapungua uzito kidogo tu, na maneno yanabaki palepale. Kwenye faili yangu, bila kichujio hicho kilele cha sekunde hizo nne kilikuwa -33. Nilipokiweka kikashuka hadi -41.6. Hapo nilipata nafasi ya kutosha kati ya feni na mzungumzaji.

Nimesema kilele makusudi. Kwenye majibu kuna namba mbili za kuangalia, mean_volume ambayo ni wastani, na max_volume ambayo ni kilele. Wengi huushika wastani, nao ndio unaowapoteza, kwa sababu silencedetect haipimi wastani. Inaangalia sampuli za sauti moja baada ya nyingine, na ikikuta moja tu iliyovuka mstari, ukimya umekatika na hesabu inaanza upya. Kalamu ikigonga meza, au mtu akikohoa mara moja katikati ya sekunde kumi za kimya, wewe utasikia kimya chenye kikohozi. Kompyuta itaona vimya viwili vifupi. Kwa hiyo mstari unapaswa kuwa juu kidogo ya kilele cha utulivu wa ukumbi. Kilele changu ni -41.6, nikachora mstari kwenye -38:

```
ffmpeg -i semina.mp4 -vn -af "highpass=f=150,silencedetect=noise=-38dB:d=3" -f null -
```

Hiyo d=3 ndiyo muda. Nilipoweka nusu sekunde nilipata mamia ya mistari, kwa sababu mtu akizungumza huvuta pumzi, hufikiri, hugeuza karatasi. Kwa sekunde 3 ikabaki mistari ya kusomeka kwa macho. Mmojawapo ni huu:

```
silence_start: 3127.84
silence_end: 3139.2 | silence_duration: 11.36
```

Sekunde 3127 ni dakika ya 52 na sekunde 7. Nikaenda pale na kusikiliza: mtoa mada wa kwanza amemaliza, anashuka, wa pili bado hajafika kwenye maiki. Mpaka safi kabisa.

Lakini kwenye orodha ileile palikuwa na vimya vingine virefu ambavyo si mipaka. Kimoja ni cha mtoa mada aliyeuliza swali akasubiri jibu, kingine ni cha mtu aliyekuwa akitafuta faili lake kwenye flashi. Na mapumziko ya chai, yaliyokuwa mpaka mkubwa kuliko yote, hayakuonekana kabisa. Darasa likiachiwa, kelele hupanda: viti vinasogezwa, watu wanasalimiana, na maiki iko wazi juu ya meza inachukua kila kitu. Hili ndilo ningependa kila anayeanza kazi hii alielewe mapema. Kimya kirefu kinaweza kuwa katikati ya muhadhara, na mwisho wa muhadhara unaweza kuwa na kelele kuliko muhadhara wenyewe. Ukimya unakuambia mahali ambapo ukikata hutakata neno la mtu. Haukuambii kwamba mada imekwisha.

La mada kwisha nililipata kwenye picha. Video ni mfululizo wa picha tulivu zinazoitwa fremu, na ffmpeg inaweza kuilinganisha kila fremu na iliyotangulia na kutoa alama kati ya 0 na 1. Kwa maneno mepesi, alama hiyo ni kiasi cha mwanga kilichobadilika kwenye skrini, na inapanda pale mabadiliko yanapokuja kwa kuruka. Video inayocheza mfululizo, ambayo kila fremu yake inatofautiana kidogo na ya nyuma yake kwa kiasi kilekile, haipati alama kubwa.

Mifano mingi utakayoikuta inaweka kizingiti cha 0.3 au 0.4. Namba hizo zinafaa filamu, ambapo kamera inatoka uso wa mtu na kwenda barabarani. Fikiria sasa slaidi nyeupe yenye mistari sita ya maandishi meusi, ikifuatiwa na slaidi nyeupe yenye mistari sita mingine. Wino wote pale haujazi hata sehemu ya kumi ya skrini. Sehemu iliyobaki ilikuwa nyeupe na bado ni nyeupe. Alama mara nyingi huwa kama 0.05 au chini yake, na kizingiti cha 0.3 hakitaiona slaidi hata moja. Zaidi ya hapo, mtoa mada akipenda slaidi zinazoyeyuka taratibu, badiliko lote linagawanywa kwenye fremu ishirini au thelathini, kila moja ikipata kijisehemu kisichoonekana. Hilo unaliondoa kwa kuchukua fremu moja tu kwa kila sekunde kabla ya kulinganisha, ili kuyeyuka kote kuingie ndani ya hatua moja au mbili:

```
ffmpeg -i semina.mp4 -an -vf "fps=1,select='gt(scene,0.08)',showinfo" -f null -
```

Kizingiti cha 0.08 nilikichagua kwa sababu sikuhitaji kila slaidi. Nilihitaji badiliko kubwa: slaidi ya jina la mada yenye rangi tofauti, skrini kuzimwa, kompyuta kurudi kwenye ukurasa wake wa mwanzo. Matokeo yalionyesha, pamoja na mengine, sekunde za 3134, 5493 na 6407. Ya 3134 iko ndani ya kile kimya cha sekunde 11, kwa hiyo dalili mbili zimeshuhudiliana. Ya 5493 ni skrini kuwa nyeusi: watu wamekwenda kunywa chai. Ya 6407 ni slaidi ya jina ya mtoa mada wa tatu.

Utaratibu basi ni huu: picha ichague mpaka, halafu ukimya ulio karibu uchague sekunde yenyewe ya kukata. Karibu na 6407 palikuwa na kimya kimoja, kuanzia 6401.2 hadi 6404.8. Mtoa mada alianza kusema sekunde mbili kabla slaidi yake haijatokea, na kama ningefuata picha peke yake ningemkata kwenye salamu. Kwa 5493 sikujali kimya, maana pande zote mbili ni makelele.

Mara ya kwanza nilikata kwa njia ya haraka, -c copy, ambayo haisimbi upya picha bali inaigawa kama ilivyo. Faili la mtoa mada wa tatu lilianza naye akiwa katikati ya sentensi. Salamu na jina lake vilibaki mwishoni mwa faili la mapumziko. Sababu ni kwamba video haihifadhi kila fremu kamili. Huhifadhi moja kamili, kisha kwa zinazofuata huandika tofauti tu. Faili jipya haliwezi kuanza isipokuwa kwenye fremu kamili. Kwa mpangilio wa kawaida wa x264, programu inayotumika sana kusimba video, fremu kamili zinaweza kuachana hadi fremu 250, yaani sekunde 10 kwa video ya fremu 25 kwa sekunde. Niliomba 6402, fremu kamili iliyofuata ilikuwa 6410. Kwenye mpaka wa kwanza kosa hilo halikusikika, kwa kuwa kimya cha sekunde 11 kilikuwa kirefu kuliko umbali wa fremu hizo, nami nilikuwa nimekata mwanzoni mwake. Kimya cha sekunde tatu na nusu hakina nafasi hiyo.

Nilirudia kwa kusimba picha upya na kulazimisha fremu kamili pale ninapotaka:

```
ffmpeg -i semina.mp4 -c:v libx264 -c:a copy -force_key_frames 3128,5493,6402 -f segment -segment_times 3128,5493,6402 -reset_timestamps 1 sehemu_%02d.mp4
```

Inachukua muda mrefu zaidi, lakini mikato inaangukia palepale. Yalitoka mafaili manne kuanzia sehemu_00, na sehemu_02, dakika 15 za chai, nikalifuta. Rekodi ya sauti tupu haina tatizo hili, kwa sababu vipande vyake vina urefu wa sehemu ndogo sana ya sekunde, mara nyingi chini hata ya 0.03, na -c copy inatosha.

Ukirekodi kwa simu uwe macho na jambo moja. Simu nyingi hupandisha sauti zenyewe pale mzungumzaji anaponyamaza, na vumi la feni linapanda nalo polepole. Kimya kinaanza kwenye -45, sekunde mbili baadaye kiko -34, na mstari wako unavukwa bila mtu kufungua mdomo. Utaligundua ukiona vimya vingi vya sekunde moja au mbili ambavyo vyote vinakatika bila sababu inayosikika. Kama programu ya kurekodi ina sehemu ya kuzima marekebisho hayo ya sauti, izime kabla ya kikao. Kama haina, pandisha mstari, fupisha d, na uitegemee picha zaidi.