Mkoko wa mita nane na mti wa mita 115: upi unavuta maji kwa nguvu zaidi?

Mti mrefu kuliko yote unaojulikana duniani uko California, Marekani. Ni wa jamii ya redwudi, na urefu wake ni takriban mita 115. Mkoko wa kwetu Lamu, ule unaosimama kando ya mkondo wa Mkanda au huko Pate na Kiunga, ukifika mita nane ni mti wa kawaida kabisa. Lakini ukipima nguvu inayovuta maji hadi kwenye jani la juu, mkoko huo mfupi ndio unaoshinda, tena kwa mbali. Ukielewa sababu yake, umeelewa jinsi maji yanavyopanda kwenye mti wowote ule.

Tuanze na kisima. Fundi yeyote wa pampu anajua kwamba pampu iliyowekwa juu ya ardhi haiwezi kuvuta maji yaliyo kina cha zaidi ya mita 10, na kwa kawaida hukwama kwenye mita saba au nane. Sababu ni kwamba pampu ya namna hiyo huondoa hewa ndani ya bomba tu, kisha hewa ya nje ndiyo inayoyasukuma maji juu. Uzito wote wa hewa iliyo juu yetu unatosha kuinua maji mita 10 na kidogo, basi. Nguvu hiyo wataalamu huiita angahewa moja, nami nitaitumia kama kipimo mpaka mwisho. Kila mita 10 za kupanda zinadai angahewa moja. Mti wa mita 115 unahitaji zaidi ya angahewa 11 kwa ajili ya kimo peke yake, kabla hatujahesabu msuguano wa maji ndani ya mbao.

Watu wengi hujibu kwamba mizizi ndiyo inayosukuma. Kweli mizizi ya mimea mingi husukuma kidogo, hasa usiku, na ndiyo maana alfajiri huonekana matone kwenye ncha za majani ya mahindi hata kama hakukuwa na umande. Lakini msukumo huo ni wa angahewa moja au mbili, na saa za mchana, maji yanapopanda kwa wingi, haupo kabisa.

Hili unaweza kulishuhudia kwa macho. Chukua beseni la maji, tia rangi ya kupikia iliyokolea, kisha uende kwenye mbarika saa sita mchana jua likiwa kali. Pinda tawi moja lenye majani mpaka sehemu ya katikati izame ndani ya beseni, na ulikate papo hapo chini ya maji kwa kisu kikali. Chunguza pande zote mbili. Kama maji yangekuwa yanasukumwa kutoka chini, yangemwagika kutoka kwenye kisiki cha tawi na kuisogeza rangi mbali. Kinachotokea ni kinyume chake: rangi huchupa ndani ya kipande chenye majani, na pia huingia kwenye kisiki kilichobaki mtini. Ukivichana vipande hivyo kwa urefu utaiona kama michirizi myembamba ndani ya mbao. Imeingia juu na imeingia chini, kwa sababu maji yale yalikuwa yamekazwa, yakivutwa huku na huku.

Kuna ushahidi mwingine wa zamani ninaoupenda sana. Mwishoni mwa karne ya 19, mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, Eduard Strasburger, alikata miti mirefu, mmoja ukiwa na zaidi ya mita 20, akaisimamisha ndani ya vimiminika vyenye sumu. Sumu ilipanda na kuua seli zote hai ilizozipitia kwenye shina. Maji yaliendelea kupanda hadi majani yenyewe yalipokufa. Mizizi haikuwapo, na shina lilikuwa limekufa, kwa hiyo nguvu ilikuwa inatoka kwenye majani.

Henry Dixon na John Joly, wote wa Dublin, ndio walioweka maelezo hayo pamoja mwaka 1894, na ndiyo nadharia tunayoiita ya mshikamano na mkazo. Jani lina vitundu vidogo vya kupumulia, yaani stomata. Ndani yake kuna vyumba vya hewa, na kuta za seli zinazozunguka vyumba hivyo zimelowa. Maji yanapogeuka mvuke na kutoka nje, yale yaliyobaki hurudi nyuma kidogo ndani ya matundu ya ukuta wa seli na uso wake hubonyea. Uso uliobonyea huvuta. Matundu hayo ni membamba ajabu: tundu lenye upana wa sehemu 20 za milioni za milimita moja linaweza kuhimili mvuto wa karibu angahewa 150 kabla hewa haijapenya. Mirija ya zailemu inayopitisha maji kwenye shina haina uwezo huo, kwani mrija wenye upana wa sehemu moja ya 20 ya milimita ungeinua maji sentimita 60 tu kwa wembamba wake. Mrija ni njia, na injini iko kwenye jani.

Mvuto huo unafikaje mizizini? Molekuli za maji zinashikana, moja na jirani yake, kama pete za mnyororo wa nanga: ukivuta pete ya juu, nanga inatikisika chini. Huo ndio mshikamano. Kwenye bomba la pampu mnyororo hukatika kwa sababu mna hewa na mapovu. Ndani ya mrija wa mti, ambao tangu ulipoumbwa umejaa maji na haujawahi kuingia povu, maji hustahimili mvuto mkubwa bila kuachana. Mwaka 1950 Mmarekani Lyman Briggs aliyazungusha maji kwa kasi ndani ya mrija wa kioo hadi yakakatika, na nguvu aliyoipata ilikuwa takriban angahewa 280.

Gharama ya kazi hii hulipwa na jua na hewa kavu. Hata hewa yetu ya pwani, inayotufanya tuloe jasho, inatosha na kubaki: unyevu ukiwa asilimia 75, mvuto wa hewa hiyo kwa maji ya jani unakaribia angahewa 400. Stomata ndizo zinazouzuia usiukaushe mti.

Sasa turudi mkokoni. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi kwa kila lita, na chumvi hiyo inayashikilia maji kwa nguvu ya karibu angahewa 25. Mkoko unaotaka kunywa ni lazima kwanza uvute zaidi ya hapo, la sivyo bahari ndiyo itakayounyonya mti. Fanya hesabu ya mkoko wa mita nane. Kimo kinadai chini ya angahewa moja. Chumvi inadai 25. Ongeza msuguano, na mvuto kwenye majani mchana unapita 30. Kule California, watafiti waliopanda hadi kileleni mwa redwudi na kuchapisha matokeo mwaka 2004 walipata takriban angahewa 18 tu. Kwa mkoko, kuishi baharini ni sawa na kuinua maji mita 250 kwa kimo cha kawaida.

Tunajuaje kwamba haya si hesabu za karatasini? Mwaka 1965 Per Scholander na wenzake walitumia chombo cha chuma chenye kifuniko. Kitawi hukatwa, maji yaliyokazwa yakarudi ndani ya mbao, kisha kitawi kinafungiwa chomboni huku ncha iliyokatwa ikitokeza nje. Hewa iliyobanwa huingizwa polepole. Pale maji yanaporudi na kulowesha ile ncha, mgandamizo uliosomeka ni sawa na mvuto uliokuwa ndani ya kitawi kikiwa mtini. Kwenye mikoko walisoma angahewa zaidi ya 30, mingine ikikaribia 60. Na maji yenyewe yaliyotoka kwenye mbao yalikuwa karibu matamu. Mizizi ya mkoko huzuia takriban asilimia 99 ya chumvi mlangoni, ndiyo kazi ile ile ya mtambo wa kusafisha maji ya bahari, ila mtambo husukuma kutoka upande wa chumvi ilhali mti huvuta kutoka upande wa maji matamu. Mchu, mkoko wa aina nyingine, huachia chumvi zaidi ipite, kisha huitoa kupitia majani. Mchana wa jua pitisha kidole juu ya jani la mchu, utazihisi chembe, na ukilamba utajua ni nini.

Nguvu hii ina ukingo wake. Mvuto ukizidi, hewa hupenya kutoka mrija jirani ulioharibika, povu hutanuka ghafla na mnyororo hukatika. Mrija huo hauna kazi tena mpaka ujazwe, na mkoko hauna msukumo wa mizizi wa kuujaza, kwa sababu udongo wake ni wa chumvi usiku na mchana. Kinga yake ni kuwa na mirija mingi, myembamba, iliyotenganishwa na vichujio vidogo ili povu la mmoja lisienee kwa mwingine. Mirija myembamba hupitisha maji kidogo, kwa hiyo mti hukua polepole na mbao zake huwa nzito na ngumu. Wakata boriti wanaijua mbao hiyo, hata kama hawajawahi kuiangalia kwa darubini.

Ndiyo sababu pia miti iliyo kando ya mkondo ni mirefu kuliko ya nyuma. Kule nyuma bahari hufika wakati wa bamvua tu. Katikati ya bamvua mbili, hasa msimu wa kaskazi, jua hukausha maji na kuiacha chumvi. Ikifika mara mbili ya bahari, udongo peke yake unadai angahewa 50, na anayebaki hapo ni mchu usiofika hata kimo cha mtu.

Hali hiyo hiyo huletwa na binadamu anapojenga tuta la barabara au la chumvi likazuia maji kujaa na kupwa. Mti mkubwa hauwezi kujipunguza ukawa mfupi kwa siku moja. Mirija ya matawi ya juu ndiyo inayovutwa zaidi, hivyo hukatika kwanza, na utaona vilele vikikauka huku matawi ya chini yakiwa bado mabichi. Mti ulioliwa na wadudu huonyesha matundu na unga wa mbao kwenye gome, mahali popote. Huu unaokaushwa na chumvi hauonyeshi jeraha lolote. Chimba shimo la kiwiko kimoja karibu na mizizi, subiri lijae maji, na uyapime chumvi pamoja na maji ya mkondo wa jirani. Kama ya shimoni yamezidi sana ya mkondoni, kupanda miche mipya hapo ni kuipoteza. Kinachotakiwa kwanza ni kupasua tuta au kuweka kalvati ili maji ya bahari yaingie na kutoka kila siku.