Barua ya kwanza kwa msambazaji wa Maskati

Barua yangu ya kwanza kwa msambazaji wa Maskati ilikuwa na kurasa sita na picha kumi na moja za shamba. Nilieleza kampuni ilivyoanza, wakulima tunaofanya nao kazi, mvua za Usambara, halafu mwishoni nikapanga orodha ya bidhaa kumi na tisa. Jibu lilikuja kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp, na halikufika nusu dakika: "Mwanangu, nimesoma, mashaallah. Sasa niambie, katoni moja ina pakiti ngapi, na mpaka inifikie ghalani hapa itanisimamia bei gani?"

Katika kurasa zote sita, hayo mawili hayakuwemo.

Ninashughulikia mauzo ya nje kwenye kiwanda kidogo cha viungo Muheza, mkoani Tanga. Tunanunua pilipili manga, mdalasini, iliki na karafuu kutoka vijiji vya Amani na milima inayoizunguka, tunakausha tena, tunachambua na kufungasha. Huyo mzee wa Maskati asili yake ni Pemba, Kiswahili anakizungumza kuliko mimi, na amesambaza vyakula madukani kwa miaka mingi. Alinifundisha kwamba msambazaji anapoisoma barua yako, mkononi ana kikokotoo. Anachotafuta ni tarakimu za kuingiza. Asipozipata, barua anaiweka kando.

Kwa hiyo siku hizi, kabla sijaandika neno lolote kuhusu kampuni, nafanya hesabu yake mimi mwenyewe, tena naianzia kwenye rafu ya duka la kwao na kurudi nyuma mpaka kiwandani kwetu. Nitaonyesha hesabu ya pilipili manga, kwa sababu ndiyo iliyonibadilisha.

Pakiti yetu ya pilipili manga nzima ni gramu 100. Katoni ina pakiti 24 na vipimo vyake ni sentimita 30 kwa 20 kwa 18. Nilikuwa nataka dola 24 kwa katoni ikiwa imeshapakiwa melini Dar es Salaam, yaani FOB, sawa na dola moja kwa pakiti. Bei hiyo niliiona nzuri. Sasa tuisafirishe. Nauli ya bahari na bima zilikula dola 2 kwa katoni, ikawa 26. Ushuru wa pamoja wa nchi za Ghuba kwa bidhaa nyingi ni asilimia 5, kwa hiyo nikaongeza dola 1.30. Kutoa mzigo bandarini na lori mpaka Maskati, dola 1.70. Katoni inaingia ghalani kwake ikiwa imemsimamia dola 29. Yeye anaongeza asilimia 25, maana humo humo analipa magari, wauzaji na pakiti zitakazorudishwa. Mwenye duka naye anaongeza asilimia 25. Pakiti moja inatua kwenye rafu kwa dola 1.89 hivi. Riyali ya Oman imefungwa kwenye dola, riyali moja, yenye baisa elfu moja, kwa takriban dola 2.60, kwa hiyo hiyo ni kama baisa 726, na hapo sijagusa VAT, ambayo Oman iliianzisha kwa asilimia 5 mwezi Aprili 2021.

Nikamwomba mzee anipigie picha ya rafu. Pilipili manga ya uzito huo huo ilikuwa inauzwa baisa 500.

Ukirudi nyuma kutoka 500, unaondoa faida ya duka, faida ya msambazaji, lori, ushuru na nauli, na unabaki na dola 15.40 kwa katoni, FOB. Mimi nilikuwa nataka 24. Hapakuwa na maneno ya kuziba pengo hilo, wala picha ya shamba. Pilipili ya pakiti ndogo ikatoka kwenye barua. Kama ningeiacha, mzee angepiga hesabu hiyo hiyo, na bidhaa ya kwanza ikishakosa bei, mtu hafiki kwenye ya pili.

Mdalasini ndio uliobaki, na hesabu yake ilikaa vizuri. Pakiti ya gramu 50, katoni ya pakiti 24, dola 21.60 FOB: kwa njia ile ile inafika kwenye rafu kwa baisa 663 hivi, wakati mdalasini wa Sri Lanka wa daraja la namna hiyo ulikuwa baisa 700. Pengo la baisa 37 si kubwa, lakini linampa msambazaji sababu ya kujaribu.

Hapa ndipo maelezo ya bidhaa yanapokuwa na kazi. Neno "mdalasini" peke yake halimwambii mnunuzi kitu, kwa sababu sokoni kuna magome ya aina mbili yanayouzwa kwa jina hilo. Kuna kasia, gome nene na gumu linalojikunja mkunjo mmoja, ambalo ni rahisi. Na kuna mdalasini wenyewe, Cinnamomum verum, unaomenywa ngozi ya nje na kubaki maganda membamba yanayoviringishwa moja ndani ya jingine kama sigara, ukiubana kwa vidole unavunjika. Wetu ni huo wa pili. Ukiandika tu "mdalasini bora," mnunuzi atalinganisha bei yako na ya kasia na ataona umechanganyikiwa. Mimi naandika jina la mmea, naweka picha ya kipande kilichokatwa kikionyesha matabaka, na naweka msimbo wa forodha wa HS: 0906.11. Tarakimu sita za mwanzo ni zile zile dunia nzima, na mdalasini huu una msimbo wake, mbali na magome mengine. Mzee akiupata anampa wakala wake wa forodha, na siku hiyo hiyo anajua ushuru wake hasa na vibali anavyotakiwa kuwa navyo, bila kuniuliza mimi niliye ng'ambo.

Kuna kishawishi kimoja lazima nikitaje. Oman jina la Zanzibar linauza, na nilishauriwa zaidi ya mara moja niandike "viungo vya Zanzibar" juu ya barua. Sikubali. Karafuu yetu ni ya Muheza, na karafuu ya Unguja na Pemba inanunuliwa na shirika la serikali, ZSTC. Mzee aliyezaliwa Pemba anajua hilo kabla hajamaliza sentensi yako, na akishakukamata kwenye asili ya bidhaa, kila tarakimu yako nyingine ataitilia shaka.

Kosa jingine nililifanya kwenye bandari. Barua ya pili niliandika bei "CIF Maskati," yaani pamoja na bima na nauli mpaka bandari ya Maskati. Akanipigia simu. "Mwanangu, makontena hayashuki Maskati siku hizi." Kweli, mwaka 2014 shughuli za shehena zilihamishwa kutoka Bandari ya Sultan Qaboos kwenda Sohar, zaidi ya kilomita 200 kaskazini magharibi. Kwa aliyesoma, bei yangu ilimaanisha kwamba lori la kutoka Sohar nalilipa mimi, au kwamba sijui ninakopeleka mzigo. Tangu hapo jina la bandari nalithibitisha kwa wakala wa meli kabla ya kuliandika.

Barua iliyofanya kazi ilikuwa ukurasa mmoja, na sehemu yake ya kati ilisomeka hivi:

"Assalaamu alaykum Mzee. Sisi ni wafungashaji wa viungo Muheza, Tanga. Tunakuletea bidhaa moja kwa kuanzia: mdalasini wa vijiti, Cinnamomum verum, HS 0906.11. Pakiti gramu 50, pakiti 24 kwa katoni, uzito halisi kilo 1.2. Mita moja ya ujazo inabeba katoni 92. Muda wa matumizi miezi 24 tangu kufungashwa. Mzigo utaondoka ukiwa na miezi isiyopungua 21. Bei dola 21.60 FOB Dar es Salaam, au 23.60 CIF Sohar, kwa oda ya kuanzia katoni 92. Bei hii ni ya siku 30. Lebo ina Kiarabu, pamoja na tarehe ya kufungashwa na ya kuisha muda. Tutaambatanisha cheti cha afya ya mimea na cheti cha asili. Sampuli ya pakiti sita imetoka leo."

Kiswahili hicho kilikuwa cha mzee. Ukurasa wa pili ulikuwa na tarakimu zile zile kwa Kiarabu, kwa ajili ya karani wake.

Kuhusu sampuli, nina kidonda changu. Miaka iliyopita nilimtumia mnunuzi mwingine pilipili manga ya gunia. Sampuli tuliichambua kwa mkono, punje moja moja, ikatoka nzuri mno. Pilipili hupimwa kwa uzito wa lita moja: unajaza chombo cha lita, unasawazisha juu kwa rula, unaweka kwenye mizani. Sampuli ilikuwa gramu 560. Mzigo ulitoka kwenye stoo nyingine, haukuchambuliwa vile, na yeye alipojaza chombo chake alipata 490, maana punje nyingi zilikuwa nyepesi, tupu ndani. Alikuwa na haki ya kukata bei, akaikata, na hakuagiza tena. Tulimwonyesha bidhaa ambayo hatukuwa nayo. Siku hizi sampuli inachotwa kutoka mzigo ulioko stoo tayari kuuzwa, kwenye magunia kadhaa, juu, katikati na chini, na nusu yake inabaki kwetu kwenye mfuko uliofungwa wenye namba ile ile ya mzigo. Mkigombana, mnafungua mifuko miwili na kupima.

Mzee aliagiza katoni 92. Zilipoisha, kabla hajaagiza tena, aliuliza kile ambacho kila msambazaji huuliza: nimpe uwakala wa pekee wa Oman nzima. Hapo nilikwenda polepole. Oman ina sheria yake ya uwakala wa biashara tangu 1977, na uwakala ukishasajiliwa, kuuvunja si jambo la kutuma ujumbe tu. Nilimwambia kwamba namheshimu, lakini karatasi ya uwakala itafuata mauzo. Nikampendekezea miezi 12 bila kusajili, mdalasini peke yake, eneo la Maskati na Batinah, ambako magari yake yanafika, na ndani ya muda huo achukue katoni 600. Mimi sitamuuzia mwingine yeyote katika eneo hilo. Alinyamaza siku nne. Kisha akatuma sauti: miezi 12 sawa, Batinah sawa, lakini katoni 450, na lebo ya Kiarabu tuongeze herufi ukubwa kwa sababu mkewe hakuisoma bila miwani.

Tuliandikiana 450. Lebo ilirudi kwa mchapaji wiki hiyo hiyo.