Unapomwandikia muuza jumla kuulizia uzi na stifu: dhana potofu na ukweli

Ujumbe wa fundi kwa muuza vitambaa wa jumla mara nyingi huwa hivi: "Habari kaka, una uzi mzuri mweupe na vilini?" Na jibu huwa neno moja: "Vipo." Mzigo unafika, fundi anafungua, na hapo ndipo anagundua kwamba yeye na muuzaji walikuwa wanazungumzia vitu viwili tofauti. Nimeshona mashati ya sare kwa miaka, na karibu kila hasara niliyopata kwenye kola ilianzia kwenye ujumbe niliouandika vibaya, kabla hata sijashika mkasi.

Dhana: Vilini ni aina ya kitambaa, ukiitaja muuzaji anajua unachotaka.

Vilene ni jina la bidhaa za kampuni ya Freudenberg ya Ujerumani. Zilienea sana hadi mafundi wakaanza kuita vilini kila stifu, yaani kile kinachowekwa ndani ya kola au mkanda wa suruali ili usimame, cha kampuni yoyote ile. Kwa hiyo ukiuliza "una vilini?", muuzaji anaweza kukupa chochote kilichopo kwenye rafu na asiwe amekudanganya.

Chini ya jina hilo moja kuna vitu ambavyo kazi zake hazifanani. Kuna stifu iliyofumwa, yenye nyuzi za mtande na mshindio kama kitambaa cha kawaida. Kuna isiyofumwa, ambayo ni nyuzinyuzi zilizogandamizwa na inachanika kama karatasi. Kuna yenye gamu, unayoibandika kwa pasi, na kuna isiyo na gamu, unayoishikiza kwa mshono. Halafu kila moja ina uzito wake, unaopimwa kwa gramu kwa mita ya mraba. Kola ya shati inayofuliwa kila wiki hukaa vizuri zaidi na iliyofumwa, kwa sababu inafuata mkunjo wa shingo na haivunjiki ndani. Isiyofumwa naipeleka kwenye vifuniko vya mifuko na sehemu ambazo hazikunjwi sana.

Gamu nayo si moja, na hapa ndipo mafundi wengi wanaumia. Stifu nyingi za kola za kiwandani zina gamu ya polithini nzito, inayovumilia kufuliwa kwa maji ya moto. Lakini ili ishike inahitaji joto kali pamoja na mgandamizo mkubwa wa mashine, na pasi ya mkono haifiki huko. Fundi anaibandika, inaonekana imeshika, na baada ya kufuliwa mara mbili kola inaota mapovu. Gamu ya poliamidi huyeyuka kwa joto dogo zaidi na hushika kwa pasi ya mkono. Inavumilia sabuni na maji ya uvuguvugu, ila haifai nguo za kuchemshwa. Ndiyo maana kwenye ujumbe wangu siku hizi sikosi kuandika: "nabandika kwa pasi ya mkono". Maneno hayo matano yanamwambia muuzaji mengi kuliko jina la kampuni.

Dhana: Ukitaja kampuni nzuri ya uzi, umemaliza.

Kampuni moja hutengeneza nyuzi za aina nyingi. Chukua Coats: Astra ni uzi wa polista uliosokotwa kwa nyuzi fupifupi, wakati Epic una kiini cha nyuzi ndefu zisizokatika, kilichofunikwa kwa nje, hivyo kwa unene uleule una nguvu zaidi. Zote mbili ni Coats. Muuzaji akikuambia "Coats ipo", bado hujajua utaletewa ipi, wala ya unene gani.

Dhana: Namba kubwa kwenye koni maana yake uzi mnene.

Inategemea ni namba ipi. Kwenye lebo unaweza kukuta namba za mifumo mitatu, na hazisomwi kwa namna moja. Teksi ni uzito kwa gramu wa mita 1,000 za uzi, kwa hiyo namba ikipanda, uzi unanenepa. Namba ya tiketi, ile ya 120, 75 au 30, inakwenda kinyume: ikipanda, uzi unakonda. Na ile inayoandikwa 40/2 ina maana nyuzi mbili za namba 40 zimesokotwa pamoja. 20/2 ni mnene kuliko 40/2, kwa kuwa nyuzi zake za ndani ni nene zaidi.

Kwa shati la kawaida, 40/2 ni takribani teksi 30, na kwa kawaida huuzwa kama tiketi 120. Ukiandika "40/2 au tiketi 120", muuzaji ataupata uzi wako hata kama kampuni zake zinatumia lebo tofauti. Ukiandika "namba 30" bila kusema ya mfumo gani, unaweza kuletewa uzi wa shati, na unaweza kuletewa uzi wa kushonea jinzi.

Dhana: Nyeupe ni nyeupe.

Kuna nyeupe yenye ubluu, iliyotiwa dawa ya kung'arisha, na kuna nyeupe ya maziwa. Kwenye taa ya duka zinafanana. Ukitoka nazo juani, mshono wa juu wa kola unaonekana kama uliochorwa kwa kalamu. Picha ya simu haisaidii, maana simu hurekebisha weupe yenyewe. Namba ya rangi iliyo kwenye lebo inasaidia, lakini kila kampuni ina orodha yake. Namba ya kampuni moja haina maana yoyote kwa kampuni nyingine, kwa hiyo muuzaji akisema "hiyo haipo ila ninayo nyingine ya namba ileile", mwombe asitume kwanza. Dawa yake ni kumpelekea kipande cha kitambaa, aulaze juu yake uzi mmoja uliofunuliwa kutoka kwenye koni. Uzi ukiwa umejaa kwenye koni huonekana umekolea kuliko ukiwa peke yake kwenye mshono.

Dhana: Hesabu ya koni na mita utaifanya mzigo ukifika.

Hesabu ndiyo inayojenga ujumbe wenyewe. Nitachukua kazi ya mashati 60 meupe ya sare ya shule, ya mikono mifupi, kitambaa cha polista na pamba.

Nilipima shati moja kwa futi ya kamba: mishono ya cherehani ya kawaida mita 14, ovaloki mita 5. Cherehani ya kawaida hula takribani mara mbili na nusu ya urefu wa mshono, yaani mita 35. Ovaloki ya nyuzi tatu hula karibu mara 14, yaani mita 70. Ona jinsi mita 5 za ovaloki zinavyokula uzi mara mbili ya mita 14 za cherehani. Jumla 105, nikaongeza 15 za matundu ya vifungo na mabaki, ikawa mita 120 kwa shati. Mashati 60 yanataka mita 7,200.

Kwa hesabu hiyo koni mbili za mita 5,000 zinatosha. Lakini ovaloki haishoni kwa koni mbili. Inataka tatu kwa wakati mmoja, na cherehani inataka ya nne. Kwa hiyo naagiza koni 4, zote za loti moja ya rangi. Pia nauliza kama lebo inasema mita au yadi, kwa sababu yadi 5,000 ni mita 4,572 tu.

Stifu ilinifundisha kuuliza upana. Kipande cha kola ni sentimita 50 kwa 10, na stendi yake 50 kwa 5.5, urefu ukifuata mtande. Kila shati linachukua sentimita 15.5 za upana. Stifu ya upana wa sentimita 112 inatoa mashati 7 kwa kila safu ya sentimita 50. Safu 9 zinatosha, yaani mita 4 na nusu. Ya upana wa sentimita 90 inatoa mashati 5 tu kwa safu. Safu 12, yaani mita 6. Zamani niliandika "mita 5 za stifu" bila kutaja upana, nikaletewa ya 90, nikaishia kwenye shati la 50.

Kila mara naongeza nusu mita ya kujaribia. Nakata kipande cha sentimita 15 kwa 15 cha kitambaa na cha stifu, nakibandika kwa kukandamiza pasi pale pale sekunde kumi na kitu bila kuiburuta, nakiacha kipoe kabisa, kisha navuta pembe. Halafu nakifua, nakianika, nakipiga pasi na kukipima upya. Kikirudi 14.7, kimenywea asilimia 2, na kwenye kola ya sentimita 50 hiyo ni sentimita nzima. Kitambaa kikibaki na urefu wake huku stifu ikinywea, hapo hakuna pasi itakayoondoa mapovu.

Basi ujumbe wangu wa kazi ile ulikuwa huu:

"Habari za kazi, kaka. Nina mashati 60 meupe ya sare, polista na pamba. Naomba unitajie vilivyopo dukani leo.

Uzi wa polista mweupe, 40/2 au tiketi 120: una wa kampuni gani, namba ya rangi kwenye lebo, na koni ni ya mita au yadi ngapi? Nahitaji koni 4 za loti moja.

Stifu nyeupe ya kola, iliyofumwa, yenye gamu, nabandika kwa pasi ya mkono: kampuni gani, gramu ngapi, upana gani? Ikiwa 112 nahitaji mita 5, ikiwa 90 mita 6 na nusu.

Kipande cha kitambaa nakituma na kijana. Kama kuna kisichopo, tuongee kwanza kabla hujanibadilishia."

Halikurudi lile "Vipo". Alijibu kwamba stifu ya 112 imebaki mita 3 na nusu, na ya 90, ya kampuni nyingine, ipo roli nzima. Ile ya 112 ingetoa kola 49, na 11 zilizobaki zingekuwa na ugumu tofauti ndani ya darasa moja. Nikamwambia anikatie mita 6 na nusu za 90.